Miezi sita ya kunakili swali kwenye Mac na kulibandika kwenye iPad

Nafundisha hisabati za kidato cha tatu na cha nne nyumbani kwangu Morogoro, jioni, wanafunzi wanne au watano kwenye meza moja. Maswali nayatoa kwenye mitihani ya miaka iliyopita niliyoihifadhi kwenye laptopu, MacBook Air. Kukokotoa nakokotoa kwa kalamu juu ya iPad, ili kila mmoja auone mstari unavyoandikwa. Shida ilikuwa hapo katikati: swali litoke vipi kwenye laptopu liingie kwenye kishikwambi?

Kwa muda mrefu nilikuwa napiga picha ya skrini, najitumia mwenyewe kwenye programu ya ujumbe, halafu naipakua upande wa pili. Kifurushi kinaliwa, na picha inabanwa njiani. Siku moja swali lilikuwa 27 kwa kipeo cha 2/3. Ile 3 ndogo ya chini ilififia ikawa kama 8, na binti mmoja akahangaika nayo karibu robo saa, ananiambia, “Mwalimu, hii haitoki.” Nilipofungua laptopu ndipo tukaona. Jibu ni 9, swali la dakika moja. Jioni ile niliumia kwa ajili yake, maana alishaanza kuamini kwamba vipeo vimemshinda.

Sasa natumia ubao wa kunakili wa pamoja, ule ambao Apple wanauita Universal Clipboard. Umekuwepo tangu 2016, na mimi nimeuanza mwaka huu tu. Unachonakili kwenye Mac unakibandika kwenye iPad iliyo karibu, hakuna kutuma wala kupakua.

Ninavyofanya ni hivi. Swali likiwa wazi kwenye Mac, nabonyeza Control, Shift, Command na 4 kwa pamoja. Mshale unageuka alama ya msalaba, nami nauburuta kuanzia kona moja ya swali hadi nyingine. Nikigundua nimeanzia pabaya siachii. Nashikilia kitufe kirefu cha nafasi huku bado naburuta, na fremu nzima inahama. Hicho kitufe cha Control ndicho watu wengi wanachokisahau. Bila hicho, picha inakwenda kuhifadhiwa kama faili kwenye Desktop, na kwenye ubao wa kunakili haiingii chochote. Dalili yake ni rahisi: ukiona kijipicha kimejitokeza kwenye kona ya chini kulia, ujue kimehifadhiwa, hakijanakiliwa. Ikiwa imenakiliwa unasikia mlio wa kamera tu.

Kisha nageukia iPad. Nafungua Freeform, programu ya Apple iliyo kama ubao wa kuandikia, nagusa sehemu tupu na kushikilia kidole, nachagua Paste. Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi: unaweka vidole vitatu kwenye skrini na kuvitanua, basi imebandikwa. Picha inafika kama ilivyokatwa, bila kubanwa, na vipeo vinasomeka hata nikiikuza. Naifunga mahali pake ili kalamu isiisogeze, naanza kuandika chini yake.

Mara nyingi kuna subira ya sekunde moja au mbili kabla picha haijatokea, na inafaa kujua sababu yake usije ukadhani imekataa. Unaponakili, picha yenyewe haisafiri. Mac inatangaza tu kwa Bluetooth kwamba ina kitu kipya. Pale unapobandika ndipo iPad inapoiomba, na picha inapita moja kwa moja kati ya vifaa viwili kwa Wi-Fi. Ndiyo maana vyote viwili vinatakiwa viwe vimewashwa na viwe karibu, ndani ya kama mita 10. Mimi laptopu naiacha kwenye kimeza cha sebuleni, hatua tatu kutoka mezani, inatosha kabisa.

Mwanzoni lakini ilinigomea siku mbili nzima. Bluetooth imewashwa, Wi-Fi imewashwa, Handoff, ile huduma ya Apple inayounganisha vifaa vyako, imewashwa pande zote mbili (kwenye Mac iko System Settings, kisha General, kisha AirDrop & Handoff), na bado iPad ilikuwa inabandika maneno ya zamani niliyoyanakili juzi yake humo humo. Nikamwita mdogo wangu, maana hiyo iPad ilikuwa yake kabla hajanipa. Akafungua Settings, akaangalia jina la juu kabisa, akasema, “Dada, hii bado iko kwenye akaunti yangu. Ulibadilisha nenosiri la kufungulia tu.” Kumbe ndiyo hiyo. Vifaa vyote viwili lazima viwe kwenye Akaunti moja ya Apple, la sivyo havitambuani hata vikilazwa juu ya meza moja. Nilitoa akaunti yake, nikaingiza yangu, na picha ya kwanza ikaja nikiwa bado nimesimama.

Kwa hiyo ikikugomea, anzia kwenye akaunti kabla ya kugusa kitu kingine. Ukiona iPad inabandika kitu cha zamani, maana yake haijasikia tangazo la Mac, na hapo ndipo uangalie Bluetooth na Handoff. Kama vyote viko sawa, mimi huzima Handoff pande zote na kuiwasha tena. Ikibaki vile vile, kwenye Mac nafungua Terminal na kuandika:

```
killall pboard
```

Amri hiyo inaanzisha upya huduma ya ubao wa kunakili, na haigusi mafaili yako.

Mipaka yake nimeijifunza darasani. Ubao unabeba kitu kimoja tu. Nikinakili swali la 7 na kabla sijalibandika nikanakili neno lolote kwenye laptopu, swali limeshaondoka. Pia halikai: kama dakika mbili zikipita, iPad hailioni tena. Mwanafunzi akiniuliza jambo katikati nikaanza kumweleza, nikirudi inabidi nikate upya. Kwa hiyo nimezoea kwenda swali moja moja, nakata, nabandika, ndipo naongea. Kwa karatasi nzima ya mtihani natumia AirDrop, njia ya Apple ya kutuma mafaili kati ya vifaa vilivyo karibu, huko faili linaingia lote kwa mara moja. Kwa swali moja AirDrop inanichelewesha, kwa sababu picha inaingia kwenye Photos kwanza, halafu niitafute na kuileta kwenye ukurasa ninaoandikia. Na laptopu yako ikiwa ya Windows, njia hii haipo. Ni kwa vifaa vya Apple pande zote.

Jambo la mwisho linanihusu mimi na iPad yangu inayopita mikononi mwa watoto. Ubao huu haubagui. Nikinakili nenosiri la benki kwenye Mac wakati wanafunzi wako mezani, yeyote aliyeshika iPad akitanua vidole vitatu ndani ya zile dakika mbili atalibandika kwenye ukurasa, mbele ya wenzake. Niliijaribu mwenyewe kwa neno la kubuni, likatokea lilivyo. Siku hizi mambo ya benki nayafanya wakishaondoka, na kama ni lazima yafanyike darasani, nazima Handoff kwenye Mac kwanza.

iPad yangu ni ya kizazi cha 9, si mpya, na inaibeba kazi hii vizuri. Juzi tulifanya maswali kumi na moja ya vipeo na logarithimu kabla ya saa mbili usiku. Yule binti wa 27 kwa kipeo cha 2/3 alikuwepo, na mara hii yeye ndiye aliyekuwa anatanua vidole kubandika, mimi nikikata kwenye laptopu.