Maswali mawili kwa mfugaji mzoefu

Mfugaji mzoefu ameandika kwamba vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 33 hivi ndani ya bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga yenye taa ya joto. Mwanafunzi anaweza kumuuliza: “Mwalimu, nyuzi 33 zinatosha?” Atajibiwa “Ndiyo”, na vifaranga wake wataendelea kulia usiku.

Au aulize hivi: “Shikamoo mwalimu. Vifaranga wangu wa siku tatu wanarundikana upande mmoja wa bruda, ingawa kipimajoto kinasoma 33. Wewe hutazama nini kabla ya kugusa taa?”

Swali hili la pili ndilo ningeuliza. Limebeba umri, dalili na kipimo, kwa hiyo mwalimu ana pa kuanzia. Ataeleza kwamba wakijibana chini ya taa wanahisi baridi, wakiikimbia na kuhema wamezidiwa joto, na wakirundikana upande mmoja huenda upepo unapenya upande wa pili. Pengine atauliza kipimajoto kimening'inizwa wapi, maana kinapaswa kuwa usawa wa mgongo wa kifaranga. Lakini “Nieleze yote kuhusu kulea vifaranga” ni pana mno. Mtu mwenye shughuli zake ataliahirisha.