Leseni ya Windows kwa kompyuta ya gemu: ipi ununue, ipi uikimbie

Mpwa wangu wa Kisauni alikusanya kompyuta yake ya gemu kipande kwa kipande kwa miezi saba. Siku ya kuiwasha mfuko ulikuwa mtupu, na duka moja la mjini likamuuzia "ufunguo wa Windows 11 Pro wa maisha" kwa shilingi 1,500. Ulikubali papo hapo. Baada ya miezi mitano, katikati ya mechi, maandishi ya kijivu yakajitokeza pembeni mwa skrini: `Activate Windows`. Akanipigia: "Mjomba, si nilishalipa?"

Nikamwambia afungue Command Prompt, aandike hivi:

```
slmgr /dli
```

Kisanduku kilichotokea kilikuwa na mstari unaoishia `VOLUME_MAK channel`. Maisha yenyewe ndiyo hayo yalikuwa yamekwisha. MAK ni ufunguo mmoja unaopewa shirika kwa ajili ya mashine zake nyingi, na una idadi maalumu ya kuamilishwa. Mtu huuchomoa ofisini akauuza rejareja kwa watu wasiojuana. Ukigundulika huweza kufungwa, na walioununua wote wakarudi mwanzo. Ukiona `VOLUME_KMSCLIENT` kwenye kompyuta ya nyumbani, hali ni ile ile: aina hiyo hutegemea seva ya shirika, na uamilisho wake hudumu siku 180 tu usipohuishwa.

Sasa nipange chaguo, kuanzia ninalolipenda zaidi.

La kwanza ni leseni ambayo huenda unayo tayari. Kama una kompyuta ya zamani ya mezani unayoiacha, endesha amri ile ile humo. Ikisema `RETAIL channel` na uliinunua wewe kihalali, unaruhusiwa kuihamisha, mradi uiondoe kule kwanza kwa `slmgr /upk`, ukiwa umefungua Command Prompt kwa `Run as administrator`. Hutoi hata senti. Ikisema `OEM_DM`, sahau: hiyo imekuja na mashine kutoka kiwandani na itazikwa nayo.

La pili ni kununua Retail mpya ya Windows 11 Home. Bei ya Microsoft kule Marekani ni dola 139, yaani karibu shilingi 18,000. Inauma, najua, ni pesa ya ramu nzuri. Lakini ukibadilisha ubao mama miaka mitatu ijayo, leseni inakufuata. Iunganishe na akaunti yako ya Microsoft ili kuirudisha kuwe rahisi. Pro ni ghali zaidi na haiongezi chochote kwenye gemu. Ukinunua kwa duka la hapa Mombasa, dai risiti ya eTIMS inayotaja toleo na aina ya leseni. Muuzaji anayesitasita hapo ameshakujibu.

La tatu ni OEM ya waunganishaji wa kompyuta. Bei yake huwa nafuu kidogo, ila imefungwa kwenye ubao mama wa kwanza. Kwa mtu anayebadilisha vipuri kila mwaka, naona ni hasara.

La nne ni Linux, bure na halali kabisa. Gemu nyingi za Steam hukubali kupitia Proton, programu inayoendesha gemu za Windows ndani ya Linux. Lakini Valorant na Fortnite hazichezeki huko kwa sababu ya programu zao za kuzuia udanganyifu, kwa hivyo angalia kwanza wewe na wenzako mnacheza nini.

Ufunguo wa bei ya kutupa sikuupa nafasi. Mbali na bei, kuna dalili mbili. Muuzaji akikwambia uzime kinga ya virusi kabla ya kuendesha faili lake, hakuuzii leseni, anakuwekea kitu. Na akikutaka umtumie kwa WhatsApp ile namba ndefu ya usakinishaji, tarakimu 63, akurudishie nyingine 48, anaamilisha kwa namba hizo ufunguo ambao pengine umeshatumika kwingine. Pia usilewe na neno `RETAIL`: ufunguo ulionunuliwa kwa kadi ya benki iliyoibwa nao huandika hivyo hivyo. Amri ile hufichua leseni mbovu. Haithibitishi iliyo safi. Risiti ndiyo inayokamilisha.

Mpwa wangu alirudi dukani, akaambiwa dhamana ilikuwa ya siku 30. Akakaa miezi miwili na maandishi yale ya kijivu, asiweze hata kubadilisha picha ya skrini kwenye mipangilio. Gemu zilienda kama kawaida, ingawa masharti ya Microsoft yanataka uamilishe. Hatimaye akanunua Home, akaandika ufunguo, ukakataa. Yeye alikuwa amesakinisha Pro, na ufunguo wa Home haufungui Pro. Jumamosi nzima tukaimaliza tukihamisha faili zake na kusakinisha upya.