Kuazimisha diski ya Spider-Man ya PS4: kilichofunguka kwa mwenzangu na kilichobaki kwangu

Wapo wanaoogopa kuazima diski iliyokwisha kuchezwa, wakidhani imeshajifunga kwenye akaunti ya mwenyewe. Kwa PS4 na PS5 haiko hivyo. Mwaka 2013, kabla PS4 haijatoka, Sony walitoa video fupi ya kuchekesha ikionyesha namna ya kuazimishana gemu: mtu anampa mwenzake kasha, mwenzake anashukuru, basi. Nimemwazima jirani yangu Marvel's Spider-Man, ile ya 2018, na kwa upande wa diski ndivyo ilivyokwenda.

Aliitumbukiza kwenye PS4 yake, gemu likajinakili lenyewe kwenye hadi diski ya mashine, akaanza kucheza kwa akaunti yake bila hata bando. Hadithi yote kuu ilikuwepo, mwanzo hadi mwisho. Vikombe alivyoshinda viliingia kwake na sevu zilikaa kwake. Apdeti ni bure, ila anazishusha kwa intaneti yake, nazo ni nzito kuliko anavyodhani mtu anayetegemea bando la siku.

Nikiitaka diski yangu, gemu halifutiki kwake. Alama yake inabaki pale pale, lakini akibonyeza mashine inamwambia aweke diski. Sevu pia zinabaki, kwa hiyo siku nikimwazima tena anaendelea alipoishia.

Sasa yale yaliyobaki kwangu. Nilikuwa nimenunua nyongeza ya gemu hili, The City That Never Sleeps, yenye sura tatu. Hiyo niliilipia dukani kwa akaunti yangu, haimo kwenye diski, na kwake haikuonekana kabisa. Akaniuliza, "Kaka, si unikopie hata sevu yako kwenye flashi, nianzie ulipofika?" Kuikopi inawezekana, lakini sevu inamjua mwenyewe: akaunti yake haitaifungua. Wacheza mpira nao wajue hivyo hivyo. Diski ya FC unaazima, ila timu yako ya Ultimate Team haitoki kwenye akaunti yako.

Ipo njia ya kumfungulia nyongeza yangu. Ningeingiza akaunti yangu kwenye PS4 yake, kisha Settings > Account Management > Activate as Your Primary PS4. Hapo kila anayetumia mashine ile angecheza nilivyonunua, kwa jina lake mwenyewe. Kwenye PS5 kitu hicho kinaitwa Console Sharing and Offline Play. Sikufanya, na sishauri. Akaunti moja ina PS4 moja tu ya msingi. Nikiipeleka kwake, mdogo wangu nyumbani anakuta gemu zangu zote za kushusha zimefungwa kwenye akaunti yake, na mimi mwenyewe siwezi kuzifungua intaneti ikikatika. Juu ya hapo, salio langu la dukani linakuwa sebuleni kwa mtu.

Akaamua kuinunua nyongeza mwenyewe, na hapa ndipo penye mtego. Diski za PS4 zinacheza popote duniani, lakini nyongeza lazima iwe ya eneo lile lile la diski. Sisi Tanzania hatumo kwenye orodha ya nchi unapofungua akaunti ya PlayStation, kwa hiyo kila mtu amejichagulia yake: huyu Marekani, yule Uingereza au Afrika Kusini. Ya kwake ni ya Marekani. Nikamwambia asilipe kwanza, alete kasha tuliangalie. Mbele pameandikwa 16 pamoja na neno PEGI, maana yake ni toleo la Ulaya. La Marekani lingekuwa na herufi T ya ESRB. Kwenye ubavu wa kasha kuna namba inayoanza na CUSA, nayo hutofautiana kati ya matoleo hayo mawili. Angenunua kwa akaunti yake ya Marekani, fedha ingekwenda na gemu lisingeitambua hiyo nyongeza.

Akafungua kwenye PS4 yake akaunti ya pili ya Uingereza, ambako nyongeza inaendana na toleo la Ulaya, akanunua kadi ya dukani ya paundi, akalipia nyongeza kwa akaunti hiyo na kuifanya hiyo mashine kuwa ya msingi kwake. PS4 moja inaruhusiwa kuwa ya msingi kwa akaunti zaidi ya moja, kwa hiyo ile ya Marekani haikuguswa. Akarudi kwenye jina lake la siku zote, akaweka diski yangu, sura zote tatu zikawepo na sevu yake ile ile.

Nikichukua diski, hizo sura alizolipia hazichezeki, kwa sababu nyongeza haisimami bila gemu lenyewe. Ameshaniuliza bei ya kuninunulia diski moja kwa moja. Nimemwambia alete ofa.