Saa ya mshale kando ya bwawa: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Kabla ya saa hii nilikuwa nikipumzika kwa kuhesabu pumzi. Nikichoka, pumzi ziliongezeka bila mimi kujua. Ni saa kubwa ya duara, mshale mmoja unazunguka kwa sekunde 60, namba zimeandikwa kila baada ya tano. Nitaieleza kwa seti ninayoipenda: mita 100 mara nane, kila moja ikianza dakika 1:45 baada ya kuanza kwa iliyotangulia.

Nnaanza mshale ukiwa juu, kwenye 60. Nikiogelea kwa 1:30, nagusa ukuta mshale ukiwa kwenye 30. Safari ya pili inaanza kwenye 45, kwa hiyo nimebakiwa na sekunde 15 za kupumzika. Inayofuata ni 30, kisha 15, kisha tunarudi 60. Kila mara mwanzo unarudi nyuma robo ya duara, na ndiyo maana sihitaji kukariri kitu. Ya nane lazima ianzie kwenye 15. Ukijikuta unaiondokea kwenye 60, hesabu imepotea mahali.

Kilichonifungua macho ni safari ya sita. Niliondoka kwenye 45, nikafika mshale ukiwa 22, yaani 1:37. Kuondoka tena ni kwenye 30, hivyo mapumziko yalikuwa sekunde nane tu. Saa haikunihurumia: nilipopunguza kasi kwa sekunde saba, sekunde hizo hizo zilitoka kwenye mapumziko. Zamani ningepumzika 15 zangu kama kawaida, na seti nzima ingeonekana imekwenda vizuri.

Mapumziko yakishuka chini ya sekunde tano, mimi naacha kung'ang'ania. Hakuna nafasi hata ya kusoma mshale, na mikono inaanza kuchapa maji ovyo. Nahamia 1:50, ambapo mwanzo unarudi nyuma kwa sekunde kumi: 60, 50, 40. Kwa 1:37 napata 13. Sipendi kwenda mbali zaidi ya hapo, maana seti ya kuvumilia hugeuka kuwa mbio fupi fupi zenye kupoa katikati.

Kasoro ipo. Mshale hauonyeshi dakika, kwa hiyo ni lazima ujue mwenyewe kama ni 1:30 au 2:30, na miwani ikiingia ukungu utakosea sekunde mbili tatu. Pia tukiwa watatu kwenye njia moja tunaachana sekunde tano tano. Wa tatu anaanzia kwenye 10, halafu 55, 40, 25. Niliposhika nafasi hiyo wiki ya kwanza nilisoma muda wangu kana kwamba nimeondoka kwenye 60, nikajiona nimechelewa sekunde kumi nzima. Sasa nasema namba yangu ya kuanzia kimoyomoyo kabla ya kusukuma ukuta.