Kutoa pesa Dubai: ukatwe kwa dirham au kwa shilingi?

Mwenye kadi ya benki ya Kenya anapoomba dirham 1,000 kwenye ATM ya Dubai, huenda skrini ikamuuliza akatwe kwa dirham au kwa shilingi. Tuseme mtandao wa kadi unahesabu dirham moja kwa shilingi 35, nayo mashine inataka 37: akichagua shilingi atakatwa 37,000 badala ya 35,000, huku ada ya mwenye mashine na ada ya benki yake zikibaki palepale. Kwa gharama, dirham hushinda mara nyingi, isipokuwa benki yake inapotoza ubadilishaji zaidi ya nyongeza hiyo. Anayebanwa na salio dogo anaweza kupendelea shilingi, kwa kuwa mashine humwonyesha kiwango chake kabla hajakubali. Anayetaka dirham abonyeze “Decline conversion”. Kinachokataliwa ni ubadilishaji tu, na noti hutoka vilevile.