Losheni za Guangzhou: kuchanganya kontena au wakala wako mwenyewe?

Kuchanganya kontena ni rahisi, unalipa kwa sibiemu tu, yaani ujazo wa mzigo, na mzigo unaufuata Kariakoo, ila nyaraka za forodha mara nyingi hazina jina lako, sasa TBS wakija dukani unawaonyesha nini? Na krimu ya mwenzako yenye zebaki inaweza kukwamisha kontena zima. Mi kuchanganya nimebakiza kwa mikoba.

Wakala wako wa forodha atadai invoisi, paking listi na usajili wa TBS, bora uanze kabla mzigo haujapanda meli. Ila hesabu unaiona: tuseme mzigo, nauli na bima ni milioni 10, ushuru ukiwa 25% ni 2.5, halafu ukiacha tozo nyingine VAT 18% inapigwa kwenye 12.5 siyo kwenye 10, yaani 2.25. Asipokupa kontroli namba ya TRA, hela ya kodi usimtumie.