Dirisha la alumini, ukuta wa matumbawe: uzibe kwa silikoni, piyuu au akriliki?

Dirisha la shangazi yangu pale Shela linatazama baharini. Fundi aliliziba kwa silikoni ya bei ya chini, ile inayonuka siki. Masika ya pili maji yakaanza kuchuruzika ndani. Nilipovuta ile silikoni ilitoka nzima kama utepe. Upande wa alumini ilikuwa bado imeng'ang'ania, lakini upande wa ukuta mgongo wake ulikuwa mweupe kwa vumbi la chokaa.

Harufu ya siki ni asidi inayotoka silikoni ikikauka. Asidi hiyo hula chokaa, na kuta zetu ni matumbawe na plasta ya chokaa, kwa hiyo silikoni huishia kushika unga. Chuma nacho huota kutu. Hiyo iache kwa vioo vya ndani.

Ya kwanza kwa nje: silikoni ya nyutro. Haina harufu ya siki na ni ghali zaidi, lakini jua haliiwezi. Ndiyo ninayonunua kwa fremu ya alumini inayopigwa na jua na chumvi. Kasoro yake ni kwamba rangi haishiki juu yake, basi chagua inayofanana na fremu.

Ya pili: poliyurethani, madukani huitwa piyuu. Hushika mawe na mbao vizuri mno na hupakika rangi. Kwa fremu ya mbao, au ufa wa ukuta utakaopakwa rangi, naitanguliza mbele ya silikoni. Ikiachwa wazi juani hugeuka manjano, hutoa unga, kisha hupasuka. Paka kwenye ukuta mkavu kabisa, maana unyevu huifanya itoe mapovu.

Ya mwisho: akriliki. Ya ndani tu, ambako ni rahisi na hupakika rangi. Ikinyeshewa kabla haijakauka, inasombwa, na ikikauka hunywea.

Kwa shangazi nilikwangua yote, kwa sababu mabaki ya silikoni hukataa karibu kila kitu kipya. Nikapiga brashi mpaka vumbi likaisha, nikapaka praima ya ukuta, nikashindilia kamba ya povu ndani ya mwanya. Kamba hiyo huizuia silikoni isishike nyuma. Ishike pande mbili tu, iweze kuvutika fremu inapotanuka kwa joto. Mwanya ulikuwa upana milimita 10, silikoni kina milimita 5. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 lina mzunguko wa mita 4.8, na mrija wa mililita 300 unatosha mita 6 kwa kipimo hicho. Dirisha moja, mrija mmoja, na kidogo kinabaki.

Dukani soma tarehe ya mwisho, kisha bonyeza mrija kwa kidole. Piyuu iliyokwisha muda huwa ngumu humo humo.